Picha ya friji na chakula kisichopikika: dalili, sababu na marekebisho

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Malindi, na kwa sababu hiyo jamaa zangu wamenifanya mtu wa kuulizwa. Zamani waliuliza kwa maneno, wakitaja walicho nacho kimoja kimoja. Siku hizi hufungua mlango wa friji, hupiga picha na kunitumia kwenye simu, na chini yake huandika maneno mawili tu: "Tupike nini?" Nimejibu picha nyingi za namna hiyo, na mapendekezo yaliyoharibika karibu yote hayakuharibiwa na mapishi. Yaliharibika kabla moto haujawashwa, pale nilipoitazama picha na kudhani kuwa nimeielewa.

Nitazipitia dalili za kuharibika huko kwa kutumia picha moja, aliyonitumia mpwa wangu anayekaa Mkomani, Lamu, kwa kuwa makosa mengi yalikutana ndani yake. Ilinifikia Ijumaa saa nne asubuhi. Mumewe alikuwa amemwarifu kwamba angerudi na wageni watatu baada ya sala, kwa hiyo chakula kilitakiwa kuwa tayari kiasi cha saa saba na nusu. Katika rafu ya juu niliona sahani ya samaki iliyofunikwa kwa plastiki, na pembeni yake mkebe uliowahi kuwa wa aiskrimu, wenye kitu cheupe ndani. Rafu ya kati ilikuwa na bakuli la wali na mayai manne. Chini kulikuwa na droo mbili za plastiki zilizojaa ukungu, moja ikionyesha kitu cha kijani na nyingine kitu cha zambarau. Mlangoni kulikuwa na chupa ya ukwaju na achari ya maembe. Nilimjibu upesi, na kwa kujiamini kupita kiasi: samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, maana tui alikuwa nalo tayari mkebeni.

Dalili ya kwanza: mpishi anafungua chombo na kukuta kitu kingine

Dakika ishirini baadaye alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Hili si tui, ni unga wa vibibi niliousaga jana."

Sababu ni kwamba katika nyumba zetu chombo hakisemi kweli. Mkebe wa aiskrimu huwa na samaki wa kugandisha, kopo la siagi huwa na dengu, na chupa ya soda huwa na maji ya ukwaju. Anayetazama picha huisoma lebo, au huusoma weupe, kisha akili yake humalizia yaliyobaki. Weupe ndio mtego mkubwa kuliko yote hapa pwani, kwa sababu tui, maziwa, mtindi na mchele uliosagwa kwa vibibi vyote ni vyeupe na vyote hutunzwa katika vyombo vya aina moja.

Vitu hivi vinne vinaweza kutofautishwa hata kwa picha, ila si kwa picha ya friji nzima. Mwombe mwenye nyumba afunue chombo, akiinamishe kidogo, na apige picha kutoka juu kwa karibu. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui zito lililolala kwenye friji huwa na utando mgumu juu, kama samli, na maji ya kijivu hafifu chini yake. Chombo kikiinamishwa utando hubaki mahali pake na maji hupenya pembeni. Maziwa hutembea yote kwa pamoja na kuacha utelezi mwembamba ukutani mwa chombo. Mtindi humeguka mapande. Unga wa vibibi hufanya kinyume cha tui: mchele hutua chini na maji hubaki juu, na ikiwa umeshatiwa hamira utaona vitobo vidogo vya mapovu. Picha ya pili ya mpwa wangu ilikuwa na vitobo hivyo waziwazi, na laiti ningeiomba mapema nisingempotezea muda.

Dalili ya pili: pendekezo linadai kitu ambacho hakimo, au linaacha kitu kilichopo

Baada ya tui kutoweka nilidhani kuwa mlo wa nazi umekwisha, nikaanza kumwelekeza kwenye samaki wa kukaanga. Kwa bahati alitaja mwenyewe, kama jambo dogo, kwamba alikuwa na nazi kavu moja chini ya meza.

Friji ya mtu wa pwani huonyesha nusu ya jiko lake, tena nusu iliyo ndogo. Mchele, unga, vitunguu, viazi, nazi, kunde, ndimu na viungo vyote vikavu hukaa nje. Anayependekeza mlo kwa kuangalia yaliyomo ndani tu hujenga nyumba bila msingi, na ndiyo maana mapendekezo ya namna hiyo huelemea kwenye mayai na saladi hata pale ambapo nyumba ina gunia la mchele. Dawa yake ni picha ya pili ya kapu na kabati, au sentensi moja yenye kutaja wanga uliopo, mafuta, nazi na kiungo cha ukali. Mimi sasa sijibu mpaka nijue hivyo vinne.

Kuhusu zile droo, ukungu wake una sababu nyepesi. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu, na mlango ukifunguliwa hewa hiyo hugusa plastiki baridi na kuacha matone papo hapo. Kuifuta hakusaidii, kwa kuwa ukungu hurudi. Ni afadhali droo ivutwe nje na picha ipigwe kutoka juu. Kitu cha zambarau, ambacho nilikuwa nimekihesabu kuwa vitunguu vyekundu, kilikuwa biringani mbili, na cha kijani kilikuwa fungu la mchicha.

Kosa jingine la mwanga hutokana na taa ya friji yenyewe. Taa huwa nyuma au juu, na kamera ya simu hujipima kwa kile kinachong'aa zaidi, hivyo vilivyo mbele huwa vyeusi. Ukigusa sehemu yenye giza kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kamera hujipima upya. Mwanga wa simu usiwashwe ukielekezwa moja kwa moja kwenye plastiki inayofunika chakula, kwani hurudi kama doa jeupe na kuficha kile kilichotakiwa kuonekana.

Dalili ya tatu: chakula hakitoshi

Katika picha ya kwanza sahani ya samaki ilikuwa mbele kabisa ya rafu, na simu ilikuwa imewekwa kwenye lenzi pana ili friji yote iingie. Lenzi ya aina hiyo hukikuza kilicho karibu na kukidogosha kilicho mbali. Nilichokiona kama vipande vikubwa vya nguru vilikuwa vipande vinne vya kawaida, vyenye unene wa kidole gumba, navyo vilitakiwa kuwalisha watu sita: wageni watatu, mume, mpwa wangu na mama mkwe wake.

Hapo ndipo mlo wenyewe ulipobadilika. Samaki wa kupaka huhesabika. Kila mtu hutazamia kipande chake kizima, na watu sita kwa vipande vinne ni aibu mbele ya wageni. Mchuzi hauhesabiki kwa namna hiyo. Kila kipande kikikatwa mara mbili hupatikana vipande vinane, biringani huongeza ujazo, na mchuzi wenyewe huufikisha wali mahali ambapo samaki hawafiki. Kwa kuwa yeye ni mtu wa Lamu aliniandikia, "Basi niwapikie mtuzi," na huo ndio uliokuwa mlo sahihi tangu mwanzo.

Ili kipimo kisidanganye, kitu kinachojulikana kiwekwe karibu na chakula wakati wa kupiga picha. Kijiko cha chai kinatosha, na kiberiti ni bora zaidi kwa kuwa urefu wake, kiasi cha sentimita tano, karibu kila mtu anaufahamu kwa mkono wake. Chombo chenye kina kama sufuria kipigwe picha kutoka juu na pia kutoka ubavuni, vinginevyo hakuna awezaye kujua kama kitoweo kimejaa au kimebaki utandu.

Dalili ya nne: kila kitu kinaonekana kizuri, lakini chakula kinaumiza

Hii ndiyo dalili inayonifanya niandike, kwa maana hizo nyingine huharibu mlo tu. Picha huonyesha mahali chakula kilipo sasa. Haionyeshi kilikuwa wapi jana, wala kwa muda gani.

Chukua lile bakuli la wali. Ulikuwa mweupe, umechambuka, umefunikwa vizuri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwaza namna ya kuuongeza kwenye wali mpya. Nilipouliza historia yake niliambiwa kwamba ulipikwa usiku, ukabaki ndani ya sufuria mezani hadi alfajiri, kisha ukaingizwa kwenye friji. Nikamwambia autupe.

"Mjomba, ni kiporo tu. Nitaupasha moto sawasawa."

Wengi wetu tumekula kiporo tangu utotoni, na kiporo kilichotunzwa vizuri hakina ubaya. Tatizo la wali ni vimelea viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa katika joto la nyumba kwa saa nyingi mbegu hizo huchipua, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo ya kutapisha haivunjwi na moto wa kupashia. Friji hupunguza sana kasi ya ongezeko. Haiondoi kilichokwisha kutokea. Wali uliotiwa kwenye friji ndani ya saa moja au mbili baada ya kupikwa ungefaa siku iliyofuata, ilhali huu uliolala mezani ulikuwa hauna dawa, ingawa katika picha wali hizo mbili zisingetofautika hata kidogo.

Samaki walihitaji swali la aina hiyo hiyo, tena kwa uzito zaidi, kwa sababu nguru ni wa jamaa moja na jodari na vibua. Nyama ya samaki hawa ikikaa bila baridi ya kutosha, vimelea huzalisha histamini ndani yake. Anayeila huweza kuwiva uso, kuumwa na kichwa, kuwashwa na kutapika, mara nyingi ndani ya saa moja. Histamini haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki huyo anaweza kuwa bado hajatoa harufu mbaya. Ndiyo maana simpi mtu hukumu ya samaki kwa kutazama picha, hata kama jicho limeng'aa na shavu ni jekundu. Hapa hata jicho halikuwepo, kwa kuwa ni vipande.

Maswali yenyewe ni machache: samaki alinunuliwa lini, alikaa muda gani kabla ya kuingia kwenye friji, na je, umeme ulikatika? Mpwa wangu alijibu kwamba alimpokea asubuhi ya Alhamisi, akamsafisha na kumweka ndani papo hapo. Umeme ulikuwa umekatika saa tano usiku na kurudi saa nane, na hakuna aliyefungua mlango katika muda huo. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa kiasi cha saa nne, kwa hiyo saa tatu zile hazikunitisha, ingawa nilimwambia kwamba samaki hao wapikwe siku ile ile na wasibakizwe. Kama umeme ungekosekana usiku kucha, ningemwambia awatupe na kumpa mlo wa mayai na biringani.

Kwa wale ambao hulala au husafiri bila kujua umeme ulikatika kwa muda gani, kuna hila ya zamani. Gandisha maji ndani ya kikombe, weka sarafu ya shilingi juu ya barafu, na ukiache kikombe humo kwenye freza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini, barafu iliyeyuka na kuganda tena, na vilivyo humo navyo vilipitia hali hiyo. Picha ya freza yenye kikombe cha namna hiyo huniambia mengi kuliko picha ya nyama yenyewe.

Jambo moja dogo: mlango usishikiliwe wazi huku mtu akitafuta pembe nzuri ya picha. Friji inatakiwa ibaki kwenye nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, na joto la Lamu mchana halisubiri.

Mlo ulivyopikwa

Kufikia saa tano kasorobo tulikuwa na maelezo yote. Mchele vikombe vitatu ulitosha watu sita, nao ukapikwa wali mweupe, kwa kuwa nazi ilikuwa moja na kuigawa kati ya wali na mchuzi kungevidhoofisha vyote viwili. Nazi ilikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa mara mbili: kikombe kimoja cha tui la kwanza kikawekwa kando, na vikombe viwili vya tui la pili vikawa vya kupikia.

Vipande vinane vya nguru vilitiwa chumvi, manjano na ndimu, vikakaangwa juu juu tu ili visivunjike baadaye. Biringani zilikatwa vipande vinene na kukaangwa katika mafuta yale yale. Kisha vitunguu viwili, kitunguu saumu, nyanya tatu na bizari vikakaangwa mpaka mafuta yakajitenga, ukwaju ukaingia wakati huo, halafu tui la pili. Lilipochemka dakika kumi, biringani na samaki wakafuata, na moto ukapunguzwa. Tui la kwanza lilimiminwa mwisho, huku sufuria ikitikiswa badala ya kukorogwa, na likaachwa lifuke bila kutokota. Tui zito likichemshwa kwa moto mkali, hasa likiwa pamoja na ukwaju, hukatika, mafuta yakawa juu na chembe nyeupe chini, na mtu aliyeagizwa kwa simu hudhani kuwa nazi ilikuwa mbovu. Mchicha ulipikwa kwa kitunguu na nyanya tu, na achari ya mlangoni ikatolewa kama ilivyo. Unga wa vibibi ulibaki kazi yake ile ile uliyosagiwa, yaani chai ya alasiri.

Dalili ya tano: pendekezo ni zuri, lakini wakati hautoshi

Hii ni fupi. Ukiona kwenye picha pande lenye chembe nyeupe za barafu pande zote, hicho si kitoweo cha mchana huu. Nusu kilo ya nyama iliyofungwa vizuri huyeyuka kwa saa moja hivi ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Pande la kilo mbili huhitaji kuhamishwa kutoka kwenye freza hadi kwenye friji tangu jana yake. Kuliacha mezani ili liwahi ni kurudi kwenye ile habari ya wali.

Dalili ya sita: mwenye nyumba anasema vitu ulivyotaja havipo

Tazama saa ambayo picha ilipigwa. Kuna picha hutumwa usiku nami nikazijibu asubuhi, baada ya nyumba nzima kuamka. Hata katika picha ile ya Ijumaa nilikuwa nimemwambia mpwa wangu achemshe mayai manne ya kuongezea kwenye mchuzi, na hayo hayakuwahi kufika sufuriani. Picha ilikuwa imepigwa alfajiri, kabla ya chai, na kutumwa saa nne. Yalikuwa yamebaki mawili.